Kifundo kinachouma upande wa kidole gumba: nilivyokipumzisha bila kuacha kumbeba mtoto

Mtoto wangu alipokaribia mwezi na nusu, kifundo cha mkono wa kulia kilianza kuniuma upande wa kidole gumba, palepale kwenye kifupa kinachotokeza ubavuni. Nafanya kazi ya tiba ya viungo hapa Busia, upande wa Uganda, kwa hiyo ugonjwa wenyewe haukuwa mgeni kwangu. Kazi ilikuwa kukipumzisha kidole ambacho mtoto anakitaka mchana na usiku.

Maradhi haya yanaitwa kwa jina la Fritz de Quervain, daktari wa upasuaji wa Uswisi aliyeyaeleza mwaka 1895. Kano mbili za kidole gumba, moja inayokipeleka nje na nyingine inayokinyoosha, hupita pamoja ndani ya ala nyembamba iliyobana juu ya kile kifupa. Ala ikinenepa, nafasi inapungua, na kano zinakwaruzana nayo kila kidole kinapotembea. Mabadiliko ya mwili baada ya kujifungua yanachangia, lakini mimi lawama kubwa naitupia namna tunavyowainua watoto. Tunawashika chini ya makwapa, vidole gumba vimetanuliwa mbali na vingine, kisha vifundo vinapinda mtoto anapopanda. Hapo kano zimekaza, zimekunjwa kwenye kona ya mfupa, na kilo nne au tano zimezilalia. Mtoto mchanga hunyonya mara 8 hadi 12 kwa siku, na kila mara anainuliwa na kulazwa. Ongeza kubadilisha nepi, kuogesha na kubembeleza, unapita mara 30 bila kujua.

Kuupima mkono ni rahisi. Kunja kidole gumba ndani ya kiganja, kifunike kwa vidole vingine, halafu pindisha kifundo taratibu kuelekea upande wa kidole kidogo. Maumivu makali juu ya kile kifupa ndiyo dalili. Linganisha na mkono wa pili, maana hata mkono mzima huvuta kidogo. Ukishapima mara moja, acha. Kuna akina mama wanaopima kila asubuhi kuona kama wamepona, na kila asubuhi wanazichokoza kano upya. Kama shida ni ganzi usiku kwenye kidole gumba, cha shahada na cha kati, huo ni mshipa wa fahamu unaobanwa, jambo jingine. Ulianguka ukakinga kwa mkono? Kapige picha kwanza. Pakiwa pekundu na pa moto na una homa, nenda hospitali siku hiyohiyo.

Nilianza na kuinua. Mtoto akiwa amelala chali, mgeuze kidogo ubavu. Pitisha mkono mmoja chini ya kichwa na mabega, mwingine chini ya makalio, viganja vikitazama juu na vidole gumba vimelala kando ya vidole vya shahada. Jiinamishe mpaka kifua chako kimkaribie, mvute kwako kwanza, ndipo uinuke kwa miguu na viwiko. Uzito unakaa kwenye vigasha, na vifundo vinabaki vimenyooka. Kipimo chake ni hiki: ukiona pengo kati ya kidole gumba na cha shahada, umerudia mtindo wa zamani. Kitanda cha chini kinaharibu yote haya, kwa hiyo nilihamishia nepi kwenye meza ya urefu wa kiuno, mkono mmoja ukiwa juu ya mtoto muda wote.

Kunyonyesha kunauumiza mkono polepole zaidi. Ukishika kichwa cha mtoto kwa kiganja, kifundo kimepinda kwa nusu saa nzima bila kupumua. Weka mto au blanketi lililokunjwa mapajani mpaka mtoto afike usawa wa titi, kichwa kilale juu ya kigasha, na kiganja kikae wazi bila kubana chochote. Na simu iweke chini. Kuandika ujumbe kwa kidole gumba huku unanyonyesha ni kuzifanyisha kazi kano zilezile.

Mgongoni, kitenge kinaupa mkono nafuu kubwa, ila kumrusha mtoto mgongoni kwa kumshika makwapa kunarudisha balaa lote. Nilikaa kwenye stuli, nikainama, mtu mwingine akamlaza mgongoni na kunisaidia kukaza fundo. Mama mkwe alikuja na mafuta ya kuchua. Nilimwambia, "Mama, hapa kwenye kifupa pasiguswe, nichue bega." Alinichua bega, na lilihitaji kweli. Kuchua kwa nguvu juu ya ala iliyovimba kunaongeza uvimbe. Kukamua nepi, kubeba jerikani na kumenya matoke nilimwachia dada wa nyumbani; kisu cha matoke kinasukumwa kwa kidole gumba, na mkungu mmoja unatosha kufuta mapumziko ya wiki nzima. Tulikula posho sana.

Sasa banzi. Hapa wengi wanapoteza pesa. Madukani banzi zinazopatikana kwa urahisi hushika kifundo tu na kukiacha kidole gumba huru, nazo ni za ile shida ya ganzi. Unayoitaka inashika kifundo na kiungo cha chini cha kidole gumba, huku ncha ya kidole ikiweza kukunjika. Kidole kikae kimelegea kama unashika kikombe. Vaa mchana na usiku kwa wiki tatu hadi sita, ukiivua kuoga na kuunyoosha mkono kwa upole. Ikiacha alama nyekundu isiyoondoka au vidole vikifa ganzi, imebana. Ngozi ya mtoto ni laini, kwa hiyo funika velkro kwa soksi iliyokatwa.

Barafu niliifunga kwenye kitambaa chenye unyevu, dakika 10 hadi 15, mara tatu kwa siku. Ibuprofeni ya miligramu 400 baada ya chakula, isiyozidi mara tatu kwa siku na kwa siku chache tu, inaruhusiwa kwa anayenyonyesha. Mwenye vidonda vya tumbo, pumu, ugonjwa wa figo au presha iliyopanda wakati wa ujauzito amuulize daktari kwanza. Jeli ya diklofenaki inafaa pia, lakini isimguse mtoto wala kuingia mdomoni mwake.

Mazoezi ya nguvu yanasubiri. Anza pale tu unapoweza kumwinua mtoto bila maumivu, kwa kukifungua kidole gumba taratibu, kisha kwa mpira wa kufungia noti. Maumivu yakibaki mpaka kesho yake, umezidisha.

Banzi ikivaliwa sawasawa kwa wiki sita na hali haibadiliki, kuna sindano ya steroidi ndani ya ala, na wengi hupata nafuu nayo. Mwambie daktari kuwa unanyonyesha, maana maziwa yanaweza kupungua kwa siku chache. Sisi wenye ngozi nyeusi tuulize pia kuhusu doa jeupe linaloweza kubaki pale sindano ilipoingia. Kwa kawaida hufifia baada ya miezi, si kwa kila mtu. Pengine sindano haisaidii kwa sababu ndani ya ala kuna ukuta unaozitenga kano mbili na dawa imeingia chumba kimoja tu. Hapo ndipo upasuaji mdogo wa kuifungua ala unapozungumzwa, na muulize mpasuaji atakavyoukwepa mshipa wa fahamu unaopita juu yake, kwani ukijeruhiwa mgongo wa kidole gumba unabaki na ganzi au kuchoma.