Kabla majina hayajaandikwa

Fununu za kupunguza wafanyakazi zikianza kuzunguka, kila msimamizi huulizwa swali moja mlangoni: "Bosi, na mimi nimo?" Wengi hujibu, "Usiwe na wasiwasi." Kwangu jibu hilo ni baya kuliko kunyamaza. Likija kugeuka uongo wiki tatu baadaye, hata watakaobaki hawataamini tena tangazo lolote.

Afadhali useme: "Bado haijaamuliwa nani ataondoka. Vikao vinaanza Jumatatu, na tarehe 20 nitakwambia mwenyewe, ana kwa ana." Tarehe 20 ikifika kabla ya uamuzi, waite watu vilevile na uwaeleze umekwamia wapi. Siku iliyoahidiwa ikipita kimya, kila mtu hujaza pengo kwa anachokiogopa zaidi.

Kwa Tanzania, kifungu cha 38 cha Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya 2004 kinamtaka mwajiri atoe taarifa mara tu anapokusudia kupunguza watu, kisha ashauriane nao au na chama chao: kuhusu sababu, njia za kuepusha, vigezo vya kuchagua, muda na kiinua mgongo. Kosa kubwa ni kuingia kikaoni majina yakiwa tayari mfukoni. Wafanyakazi hung'amua upesi. Wanapendekeza kufuta saa za ziada, kusimamisha ajira mpya, kuhamishia wengine tawi jingine. Kila mara wanajibiwa "tutaliangalia", na hakuna anayeandika. Kinachohitajika ni muhtasari wenye kila pendekezo, jibu lake na sababu ya jibu hilo. Shauri likifika Tume ya Usuluhishi na Uamuzi, karatasi hizo ndizo zitakazoulizwa.

Halafu kuna hesabu ya kiinua mgongo. Anayewaza kodi ya nyumba na ada ya watoto anataka kuona tarakimu, kwa hiyo ziandike mbele yake. Chukua mtunza bohari anayefanya kazi siku sita kwa wiki, mwenye mshahara wa msingi wa shilingi 780,000 na miaka 12 kazini. Gawa kwa 26, siku zake za kazi kwa mwezi, unapata 30,000 kwa siku. Sheria inataka angalau mshahara wa siku saba kwa kila mwaka aliotimiza, yaani 210,000. Lakini kiwango cha chini cha sheria kinaishia miaka 10, hivyo ni 2,100,000, si 2,520,000. Kama kampuni haitaongeza, mwambie hilo mapema, asije akaligundua akiwa ameshika kalamu ya kusaini. Chini yake andika, kila kimoja mstari wake, mshahara wa siku alizofanya kazi, likizo ambayo hakuichukua, na notisi ya siku 28 au fedha badala yake.

Barua yenyewe usiitoe Ijumaa jioni. Itoe Jumanne asubuhi, mhasibu akiwepo ofisini, ili maswali atakayoamka nayo kesho yake apate wa kumuuliza.