Wasifu Mbili, Nafasi Moja ya Karani wa Forodha

Nimeambiwa mara nyingi kwamba mfanyakazi bora hujulikana kwa wasifu wake. Ushauri huo ulinitia hasara. Niliwahi kumwajiri karani kwa karatasi iliyopendeza, akawasilisha tamko la forodha bila kulinganisha hati, na kontena likalala Kilindini likihesabiwa gharama za siku.

Safari hii walibaki wawili. Wasifu wa kwanza ulikuwa na picha, safu mbili za rangi na maneno "mzoefu wa taratibu zote za forodha". Wa pili ulichapishwa saiba, Mwembe Tayari, wino umefifia. Ulisema: "Matamko manane hadi kumi kwa wiki, hasa vigae, matairi na mitumba. Mwaka jana mawili yalirudishwa, namba ya ushuru ya bidhaa ilikosewa."

Sentensi hiyo ya mwisho niliisoma tena na tena. Neno "mzoefu" huwezi kulihakiki. Lakini idadi, aina ya mzigo na kosa unaweza kumpigia simu aliyemsimamia ukamuuliza, nami nilifanya hivyo. Sikuuliza kama ni mtu mzuri, maana kila mtu husema ndiyo. Niliuliza yale mawili yalirudi kwa nini, na jibu likalingana na karatasi.

Hata hivyo, simu haikunitosha. Niliwapa wote hati zilezile za vigae, kila mmoja kwa dakika 30: ankara, orodha ya vifurushi na hati ya shehena. Orodha ilisema katoni 408, hati ya shehena 480. Tarakimu mbili kubadilishana nafasi ni kosa la kawaida la uchapaji, na jicho hulipita haraka.

Wa kwanza alikwenda moja kwa moja kwenye hesabu. Thamani ya mzigo, pamoja na bima na nauli, niliiweka shilingi 1,000,000, na ushuru 25%. Tozo nyingine niliziacha nje. Akapata ushuru 250,000, sawa kabisa, kisha akatoza kodi ya ongezeko la thamani, 16%, juu ya ile milioni: 160,000. Kodi hiyo hutozwa baada ya kujumlisha ushuru, yaani juu ya 1,250,000, na hutoka 200,000. Pengo la 40,000 kwa kontena moja, na mteja ameshapewa makadirio!

Wa pili aliweka kalamu chini baada ya dakika chache.

"Samahani mama, tamko hili siwezi kuliwasilisha bado."

"Kwa nini, mwanangu?"

"Katoni hazilingani. Tumuulize kwanza aliyepakia. Kama hati ya shehena ndiyo yenye kosa, wakala wa meli airekebishe, na manifesti pia, kabla hatujagusa tamko."

Ndipo akaanza hesabu, akaandika 200,000. Alianza kazi Jumatatu iliyofuata, na hati zile za vigae nimezihifadhi kwenye droo kwa usaili mwingine.