Koki ya jikoni inatoa maji kama machozi: kumbukumbu ya kufungua na kusafisha kichujio

Jumamosi asubuhi

Koki ya sinki la jikoni imekuwa ikidhoofika taratibu, ila wiki hii imezidi. Mke wangu amejaza sufuria ya wali huku amejiegemeza ukutani, akaniambia, "Baba, hii koki siku hizi inalia, haitoi maji." Na kweli inalia: ukiifungua hadi mwisho unasikia mluzi mwembamba, na maji yanatoka uzi mmoja wa katikati pamoja na vijiuzi viwili vinavyoruka pembeni hadi kwenye nguo.

Nyumba iko Kigamboni. Tunatumia maji ya kisima cha kuchimba, yanapandishwa kwa pampu hadi kwenye tanki la plastiki juu ya mnara, halafu yanashuka yenyewe. Ni maji magumu, sabuni haitoi povu mpaka uisugue kwa hasira, na birika la umeme lina ukoko mweupe kama chokaa ya ukutani. Kwa hiyo nilikuwa na mshukiwa tangu mwanzo, lakini kabla ya kugusa kitu nilitaka kujua kwanza tatizo liko upande gani wa bomba.

Nimepita koki zote. Ya bafuni ina nguvu yake ya kawaida, ya nje ya kufulia inamwaga vizuri kabisa. Basi tanki lina maji na bomba kuu halijaziba. Ugonjwa ni wa koki hii peke yake. Nimechukua jagi la lita 2 na saa ya simu, nikafungua koki hadi mwisho: dakika 1 na sekunde 55. Yaani lita moja kwa dakika, zaidi kidogo. Nimeiandika ukutani kwa penseli, kwa sababu bila namba mtu akimaliza kusafisha hujisifu hata kama hakuna kilichobadilika.

Jumamosi mchana

Kwenye ncha ya koki, pale maji yanapotokea, kuna kikombe kidogo cha chuma kilichokazwa kwa meno. Ndani yake ndimo kilimo kichujio: wavu wa kuzuia takataka, na kidude cha plastiki chenye matundu kinachochanganya maji na hewa ili yatoke laini bila kurukaruka. Watu wengi hawajui kwamba kinafunguka. Wanadhani ni sehemu ya koki.

Nimeziba kwanza tundu la sinki kwa kitambaa. Ndani ya kile kikombe mna vitu vidogo kuliko kifungo cha shati, na vikiingia kwenye bomba la maji machafu ndiyo kwaheri.

Halafu nikafanya kosa ambalo nadhani kila mtu hulifanya. Nimeshika kikombe kwa juu, nikakizungusha kinyume cha mshale wa saa kama ninavyofungua kifuniko cha chupa. Hakikusogea. Nikaongeza nguvu, bado. Kumbe nilikuwa nakikaza! Kile kikombe kinatazama chini. Ni mpaka uinamishe kichwa uitazame koki kutoka chini yake ndipo "kinyume cha saa" inakuwa kufungua. Ukisimama juu yake unapaswa kuzungusha kuelekea upande wa mshale wa saa. Nimepoteza dakika 10 na ngozi ya kidole.

Hata nilipogeuza upande, kilikuwa kimegandishwa na ukoko. Sikukimbilia plaizi. Nimelowesha kitambaa kwa siki nyeupe, nikakizungushia ncha ya koki, nikafunika kwa mfuko wa plastiki na kufunga kwa mpira. Nimeacha saa moja tu. Siki ikikaa usiku kucha inaweza kufubaza ule mng'aro wa nje, hasa kwenye koki za bei rahisi. Baada ya hapo nimekata kipande cha mpira wa ndani wa baiskeli, nikakizungusha kwenye kikombe ili plaizi isikwaruze, nikashika kwa upole. Kimelegea kwa mlio mkavu, kama biskuti inavyovunjika.

Kabla ya kusafisha chochote nimefungua koki hivyo hivyo, ikiwa haina kichujio. Hiki ndicho kipimo chenyewe, na kinachukua sekunde chache. Maji yalimwagika kwa kishindo: lita 2 kwa sekunde 20. Kama yangeendelea kutoka kinyonge, ningekiacha kichujio na kuangalia nyuma yake: koki ndogo ya chini ya sinki ambayo pengine haijafunguka vizuri, mpira wa kuunganishia uliojikunja, au kitu kilichokwama ndani ya koki yenyewe. Hapa hakuna haja. Mwizi nimemshika mkononi.

Jumamosi jioni

Nimevisukuma vya ndani kwa kidole kutoka upande wa mdomo, vikatoka juu. Nimevipanga kwenye taulo jeupe kwa mpangilio uleule na kupiga picha: washa ya mpira juu, kisha wavu mdogo uliobonyea kama kofia, kisha kidude cha plastiki, mwisho kikombe cha chuma. Picha ni muhimu kuliko unavyofikiri, kwani kidude cha plastiki kinaingia pande zote mbili lakini kinafanya kazi upande mmoja tu.

Wavu ulikuwa na ganda jeupe gumu pembezoni, chembe za mchanga, na katikati kitu ambacho sikukitegemea: vinyuzi vyeusi vilivyojikunja kama nywele za mtoto. Nimevisugua vidoleni, havipondeki. Nikaviweka pembeni.

Uchafu kwanza, ukoko baadaye. Nimeosha kila kipande chini ya koki ya nje, maji yakipita kinyume na yanavyopita siku zote, ili takataka irudi ilikotoka badala ya kusukumwa ndani zaidi ya matundu. Mswaki wa zamani umemaliza sehemu kubwa. Matundu mawili yaliyobaki nimeyagusa kwa ncha ya sindano bila kulazimisha. Ukilipanua tundu, maji yataruka upande huo milele.

Kisha siki na maji ya uvuguvugu, nusu kwa nusu, ndani ya kikombe cha chai. Vipovu vimeanza kupanda papo hapo kutoka kwenye lile ganda jeupe. Hiyo ni dalili kwamba ni chokaa kweli. Mchanga na plastiki havitoi povu kwenye siki, na siki haiviondoi. Nusu saa ilitosha, kisha mswaki tena. Asiye na siki akamue ndimu, kazi ni ileile ila ina haja ya muda zaidi. Maji ya kuchemka hapana, yanapinda plastiki. Na siki isikutane kabisa na dawa ya kung'arishia nguo yenye klorini, inatoa hewa ya sumu, na jikoni kwetu dirisha ni moja.

Nimerudisha vyote kwa kufuata picha, nikakaza kwa mkono tu. Lita 2: sekunde 45. Nimelala nikiwa fundi.

Jumatatu usiku

Sekunde 80. Siku mbili tu!

Nimefungua tena, safari hii kwa mkono. Hakuna ukoko wowote, wavu unang'aa, lakini juu yake kumelala shungi la vile vinyuzi vyeusi. Nikakumbuka kwamba mwezi uliopita tulimwita fundi akatoboa tanki ili kuongeza njia ya maji ya bustani. Tanki ni jeusi. Yale ni makapi ya plastiki ya kutoboa, yaliangukia ndani na hakuna aliyeyaokota. Yanashuka kidogo kidogo kila maji yanapotikisika, na yanaelekea jikoni kwa sababu bomba la jikoni ndilo linalochepuka kwanza kutoka kwenye tanki.

Nimempigia yule fundi. Akacheka. "Bosi, hicho kichujio unatoa unatupa tu, maji yako ni ya mnara." Nimelifikiria, kwa sababu si upuuzi mtupu. Vichujio vingi hupimwa kwa msukumo wa baa 3. Maji kwenye tanki langu yako kama mita 3 juu ya koki, na kila mita 10 za kimo ni takriban baa 1, kwa hiyo nina baa 0.3. Msukumo ukipungua mara 10, maji hupungua kama mara 3, ndiyo maana hata kichujio kikiwa kisafi kabisa sipati zaidi ya lita 2 na nusu na ushei kwa dakika. Lakini bila kichujio maji yanapiga sinki na kurudi kifuani, tena yale makapi yangeishia kwenye sufuria. Nimekataa. Wavu haukuwa na kosa, ulikuwa unafanya kazi yake.

Jumamosi iliyofuata

Nimefanya nilichopaswa kufanya mara ya kwanza. Pampu imezimwa, tanki limetumika hadi likabaki na maji ya kifundoni, shemeji amepanda na tochi. Ameshuka na kiganja kizima cha makapi, na kipande cha tepu nyeupe ya bomba kama ziada. Sakafu ya tanki imefutwa kwa sponji na maji ya mwisho yakatupwa.

Tanki lilipojaa tena, nimefungua koki ya jikoni bila kichujio kwa dakika mbili nzima, nikikinga kwa ndoo iliyofunikwa kitambaa cheupe. Dakika ya kwanza kitambaa kilipata vinyuzi kama kumi na mchanga kidogo, ya pili hakikupata kitu. Hapo ndipo nimerudisha kichujio.

Maji yakaanza kuvuja pembeni mwa kikombe, matone yanateremka kwenye shingo ya koki. Nilitaka kukaza kwa plaizi, nikajizuia. Nimefungua: washa imekaa upande, imejikunja ukingo mmoja. Nimeilaza sawasawa kwa kidole, nikarudisha, nikakaza kwa mkono hadi ikagoma. Kavu. Washa iliyokauka na kupasuka haiponi kwa kukazwa, inabadilishwa tu, na kichujio kipya ukikifuata dukani nenda na cha zamani mkononi, kwani kuna vya meno ya nje na vya meno ya ndani, na kwa macho vinafanana.

Lita 2: sekunde 44.

Wiki tatu baadaye

Sekunde 47. Wavu una vumbi jeupe la kwanza, lakini hakuna kinyuzi hata kimoja. Ukutani pale kwenye penseli sasa kuna namba tano, na mke wangu ameuliza ni lini nitaifuta.