Nilibadilisha kichwa cha video asubuhi yake, na namba zake ni hizi

Video ya dagaa niliiachia YouTube Ijumaa saa 1 usiku, nikiwa nyumbani Ujiji, Kigoma. Nilikuwa nimepiga picha wiki nzima mwaloni Kibirizi, pale wanapoanika dagaa, na niliipa kichwa hiki: "Siku Moja Kibirizi, Sehemu ya 3". Ilikuwa na dakika 7 na sekunde 40. Linki nikaitupa kwenye magrupu yangu ya WhatsApp, la ukoo, la kanisani na la wauza samaki, kisha nikaanza kufungua YouTube Studio, kule mwenye chaneli anakoona namba za video zake, kila baada ya dakika kumi.

Hadi saa 4 usiku walioitazama walikuwa 71. Studio ikanipangia nafasi ya 10 kati ya video zangu 10 za mwisho, zikilinganishwa kwa muda uleule tangu kuachiwa. Shemeji yangu, aliyekuwa amekaa pembeni, akaniambia, "Dada, hii futa. Ipandishe upya kesho na kichwa kingine, ianze na bahati mpya."

Nashukuru sikumsikiliza. Video ikifutwa, inaondoka na watazamaji wake, maoni yake, na saa zote ilizotazamwa. Kwa chaneli kama yangu, ambayo bado inazihesabu zile saa 4,000 za miezi 12 zinazohitajika kuingia kwenye malipo ya matangazo, saa hizo ni mali. Isitoshe, ukipandisha upya unapewa linki mpya, na zile zote ulizokwisha kutuma zinakuwa zimekufa. Kubadilisha kichwa hakugusi chochote katika hivyo. Linki inabaki ileile, hesabu inaendelea ilipokuwa, na mtu aliyetazama dakika tano kabla hujabadilisha amehesabiwa sawa na atakayetazama baadaye. Niliwahi kuogopa sana kwamba kichwa kipya kinairudisha video sifuri. Hakiirudishi.

Hatari iko kwingine, na mimi ilinipata kwenye video ya nyuma, ya migebuka. Usiku ule nilibadilisha kichwa mara nne ndani ya saa tano. Kila namba ilipotulia nilidhani kichwa ndicho kibaya. Cha tatu kiliandikwa "Migebuka Yashuka Bei Kigoma!" Watu walibofya kweli, lakini video ilikuwa ya jinsi ya kukausha migebuka kwa moshi. Bei niliitaja mara moja tu, karibu na mwisho. Wastani wa muda wa kutazama ulishuka kutoka dakika 3 na ushee hadi chini ya dakika moja. Mchoro wa watazamaji ulianguka ndani ya sekunde 30 za kwanza kama jiwe linalotupwa ziwani. Kwenye maoni watu waliuliza, "Bei iko wapi?" Mmoja aliandika, "Dada umetupotezea bando." Neno lile liliniuma, kwa sababu alikuwa na haki. Na kesho yake, nilipotaka kujua kichwa kipi kati ya vinne kilifanya kazi, sikuweza kujua. Ukivibadilisha mwenyewe hivyo, Studio haitenganishi vichwa, inakupa wastani mmoja wa vyote.

Kwa hiyo usiku ule wa dagaa nilijizuia. Nilifungua sehemu ya uchanganuzi nikatazama namba mbili. Ya kwanza ni Impressions, yaani mara ambazo picha ya video pamoja na kichwa chake vimeonekana mbele ya mtu ndani ya YouTube. Kuonekana kunahesabiwa pale angalau nusu ya picha ilipokuwa kwenye kioo kwa zaidi ya sekunde moja. Ya pili ni Impressions click-through rate, asilimia ya kuonekana huko kulikozaa mbofyo. Mtu aliyeingia kwa linki ya WhatsApp hayumo kwenye hesabu hii hata kidogo, kwa sababu hakuikuta picha yangu ndani ya YouTube. Ndiyo maana namba ya watazamaji wote inaweza kukudanganya. Grupu la ukoo likichangamka, utadhani kichwa ni kizuri.

Saa 4 usiku video ilikuwa imeonekana mara 310 na kubofywa mara 9, sawa na asilimia 2.9. Ilinivunja moyo, ila nikajiuliza swali moja: wangebofya watu watano zaidi, ingekuwaje? Ingekuwa mibofyo 14, asilimia 4.5, na mimi ningekuwa nimelala kwa raha. Namba inayogeuzwa na watu watano haifai kuamulia jambo. Halafu namba ya watazamaji hutangulia, na ile ya kuonekana hufuata nyuma kwa muda. Ukiamua mapema mno, unaamua kwa hesabu ambayo haijafika yote. Nikazima simu.

Jumamosi saa 2 asubuhi nilikuta video imeonekana mara 1,200, asilimia 2.5, yaani mibofyo 30. Sasa palikuwa na kitu cha kushika. YouTube wenyewe wameeleza kwamba nusu ya chaneli na video zote huwa kati ya asilimia 2 na 10, kwa hiyo mimi nilikuwa karibu na sakafu. Na waliokuwa wameoneshwa wengi walikuwa wananifahamu tayari, kwa kawaida hao ndio hubofya kwa wepisi kuliko wageni.

Lakini kilichonifanya nibadilishe haikuwa asilimia hiyo peke yake. Ilikuwa ni wastani wa muda wa kutazama: dakika 4 na sekunde 10, zaidi ya nusu ya video. Waliobofya walikaa. Nyumba ilikuwa nzuri, mlango ndio haukuvutia mtu kuingia. Ingekuwa kinyume, watu wanabofya kwa wingi na kutoka mara moja, kichwa kipya kisingesaidia kitu, tatizo lingekuwa ndani ya video au kichwa kingekuwa kinaahidi kisichokuwepo. Na kama asilimia ingekuwa nzuri ila video imeonekana mara chache tu, ningeiacha bila kuigusa. Nina video ya mafundi wa mitumbwi iliyokaa hivyo siku nne kabla haijaanza kupanda.

Kichwa kipya nilikitafuta ndani ya video, nikianzia mwanzo wake. Kwenye sekunde ya 15 mama mmoja muuza dagaa anachukua konzi ya dagaa, anawamwaga kwenye bakuli la maji na kuwakoroga kwa vidole. Anasubiri kidogo, anawatoa, kisha anainamisha bakuli kuelekea kamera. Chini kabisa kuna mchanga mweusi, umetulia kama majani ya chai. Kisha anarudia na dagaa walioanikwa juu ya chanja za wavu, na maji yanabaki na magamba tu. Hicho ndicho mtu wa Dar es Salaam au Dodoma, anayenunua dagaa wa Kigoma bila kujua wameanikwa wapi, anachotaka kukiona. Mimi nilikuwa nimemwandikia "Sehemu ya 3".

Nikaandika: "Dagaa wa Kigoma: Jinsi ya Kujua Wana Mchanga Kabla ya Kupika". YouTube inaruhusu herufi 100, ila kwenye simu kichwa kirefu hukatwa mkia, kwa hiyo maneno yanayomhusu mtazamaji niliyaweka mbele. Picha ya kava sikuigusa, ingawa mkono uliwasha. Ningebadilisha vyote viwili kwa pamoja, nisingejua kipi kimeleta nini. Kabla sijabonyeza Save niliandika kwenye daftari: Kibirizi 3, Jumamosi saa 2 asubuhi, kuonekana 1,200, asilimia 2.5, muda 4:10.

Mstari huo wa daftari ndio uliookoa kila kitu. Jumatatu asubuhi Studio ilinionyesha kuonekana 4,200 na asilimia 4.5. Ukiiangalia hivyo utasema kichwa kipya kina asilimia 4.5, na utakosea, maana ndani yake bado mna zile 1,200 za kichwa cha zamani. Nikatoa. Asilimia 4.5 ya 4,200 ni mibofyo 189. Ondoa 30 ya mwanzo, inabaki 159. Kuonekana 4,200 ondoa 1,200, inabaki 3,000. Mibofyo 159 kwa 3,000 ni asilimia 5.3. Kichwa kipya kilikuwa kimezidi maradufu ya kile cha kwanza, huku wanaoonyeshwa wakizidi kuwa wageni, hali ambayo kwa kawaida huishusha asilimia badala ya kuipandisha. Wastani wa muda ulishuka kidogo hadi 3:50. Kwa wageni hilo nililitegemea, na lilinihakikishia kwamba kichwa hakijawadanganya. Kwenye maneno ambayo watu walitafutia, "dagaa wa kigoma" lilikuwa juu, wakati Ijumaa halikuwepo kabisa.

Sidai kwamba yote ni ya kichwa. Jumamosi na Jumapili watu wana nafasi zaidi ya kutazama kuliko Ijumaa usiku, na sina namna ya kuitoa sehemu hiyo. Wala kichwa kipya hakiifanyi YouTube iisambaze video kwa sababu tu kimebadilishwa. Kinachosukuma ni watu kuanza kuitendea tofauti.

Kuna vitu havikurudi. Waliobonyeza kengele walipata taarifa Ijumaa yenye "Siku Moja Kibirizi", na kubadilisha kichwa hakutumi taarifa nyingine. Nafasi ile kwao ilikwisha. Kwenye WhatsApp nako, linki nilizokwisha kutuma ziliendelea kuonyesha kichwa cha zamani, kwa sababu kile kidirisha hutengenezwa wakati wa kutuma. Jumapili shangazi yangu akaniandikia, "Mwanangu, ile ya siku moja Kibirizi umeifuta? Naitafuta siioni, naona ya dagaa." Nilimtumia linki upya, kisha nikaenda kwenye maelezo ya video nikaandika mstari wa kwanza: "Hii ndiyo Siku Moja Kibirizi, Sehemu ya 3." Akaja mwingine, hakuuliza tena.

Jumatatu hiyohiyo, nilipoona 5.3, nilitamani kuongeza neno "SIRI" mbele ya kichwa nione kama itafika 7. Nilifungua ile penseli ya kuhariri, nikaliandika, nikakumbuka yule wa bando. Nikalifuta neno, nikafunga. Video ya nne nimeiandikia kichwa kabla ya kuiachia, nikampelekea kwanza yule mama wa bakuli. Alikisoma polepole, akaniuliza, "Na hiki kimo humo ndani?" Nikamwambia kimo, kwenye sekunde ya ishirini.