Video yangu ya ringi ilipopaa

Ninarekodi video za ufundi baiskeli hapa Tanga. Kwa kawaida video yangu hutazamwa mara 400 hivi ndani ya wiki ya kwanza. Kiwango hicho nakipata kwa kupanga video zangu za karibuni kutoka ndogo hadi kubwa, kisha nachukua ya katikati. Wastani siutumii, maana video moja ikipaa inaupandisha peke yake.

Basi ile ya kunyoosha ringi ikafika 41,000. Mdogo wa mke wangu, ambaye ndiye hunishikia simu, akafurahi: "Shemeji, tutoe za ringi tu sasa!" Nikamwambia tutazame kwanza hao watu wametokea wapi.

Kwenye YouTube Studio nikafungua video, nikaingia Analytics, nikashuka hadi Traffic source. Karibu robo tatu walikuwa External, na ndani yake WhatsApp ndiyo iliongoza. Grafu ilipanda ghafla, ikakaa juu kidogo, ikaporomoka. Kuna watu walirushiana kwenye magrupu, na mimi sina namna ya kuwaagiza warushe tena. Hao nikawatoa kwenye hesabu.

Katika waliobaki, wa YouTube search walinivutia. Kwa siku ni wachache, lakini waliendelea kuja hata kelele ilipoisha. Wengi walikuwa wameandika tatizo lenyewe, "tairi ya baiskeli inayumba", na ndivyo nilivyokuwa nimeipa video kichwa. Zamani nilikuwa naandika jina la kazi: kufunga spoki, kubadili beringi.

Ila video hiyo ilikuwa na jambo jingine jipya. Ilianza bila salamu: ringi inazunguka, inakwaruza mpira wa breki upande mmoja, nami nakaza spoki ya upande wa pili robo mzunguko. Je, kilichosaidia ni kichwa au mwanzo?

Nikavitenganisha. Baadhi ya video nilizipa kichwa cha tatizo, mwanzo ukabaki na salamu zangu ndefu. Nyingine zilianza moja kwa moja kwenye kazi, kichwa kikawa cha zamani. Zote nilizipima zikiwa na umri wa wiki moja, kwa sababu video ya zamani imeshakusanya watazamaji kwa muda mrefu.

Za kichwa cha tatizo zilicheza kati ya 800 na 1,100, na ongezeko karibu lote lilitoka kwenye utafutaji. Zile za mwanzo wa haraka zilibaki kwenye 400, ingawa watu walidumu nazo zaidi. Moja ya kichwa cha tatizo, kuhusu kengele isiyolia, ilianguka kabisa. Nadhani hakuna anayehangaika kutafuta jambo hilo.

Kwa hiyo lengo langu sasa ni 900. Shemeji bado anataka elfu arobaini, na wiki hii tunarekodi "mnyororo unaruka".