Nilivyoomba advansi ya mshahara na kupanga makato yake

Kabla ya kuandika barua nilitazama hati ya mshahara wa mwezi uliopita, nikaenda moja kwa moja kwenye mstari wa mwisho: kile kinachoingia benki. Mshahara wa msingi haukunifaa kwa hesabu hii, maana kodi, mfuko wa hifadhi ya jamii na mkopo wa ushirika hukatwa kabla haujanifikia. Mkononi nilikuwa napokea 490,000. Hospitali ilitaka 600,000 ndipo mama afanyiwe upasuaji.

Nikigawa kwa miezi 3, makato yangekuwa 200,000 na ningebaki na 290,000. Pango, nauli na chakula pekee vinanimalizia 340,000. Anayekubali makato mazito ili tu ombi lipite, mwezi wa pili hurudi kuomba tena, na ombi la juu ya deni ni gumu sana kukubaliwa. Kwa miezi 5 ni 120,000 kila mwezi, nabaki na 370,000. Hapo naishi.

Barua ilikuwa ya ukurasa mmoja, kwa meneja rasilimali watu kupitia kwa msimamizi wangu. Sababu niliipa sentensi moja na kuambatanisha makadirio ya gharama kutoka hospitali. Ugonjwa wenyewe sikuueleza. Hiyo ni siri ya mama. Uzito niliuweka hapa:

“Naomba kurejesha kiasi hiki kwa makato ya 120,000 kwa miezi 5 mfululizo, kuanzia mshahara wa mwezi ujao, na naridhia makato hayo yafanyike moja kwa moja kwenye mshahara wangu. Ajira yangu ikikoma kabla ya deni kuisha, salio likatwe kwenye stahiki zangu za mwisho kwa kadiri sheria inavyoruhusu.”

Sentensi hiyo ya mwisho wengi huiogopa. Mimi naona ndiyo inayomtuliza mwajiri, kwa sababu hofu yake kubwa ni mtu kuondoka na deni.

Mhasibu akaniita. “Advansi hapa kwetu tunaikata yote mwisho wa mwezi. Hii yako ya miezi 5 ni mkopo wa mfanyakazi, ina fomu yake.” Nikauliza kama ina riba. Akasema haina, nikaomba iandikwe hivyo kwenye fomu kabla sijasaini.

Fomu ilikuwa na nafasi ya mwezi wa kuanza makato tu. Nikaomba na mwezi wa mwisho uandikwe, kwa kuwa makato yakiingizwa kwenye mfumo wa mishahara bila ukomo huendelea mpaka mtu ayasimamishe, na kudai kilichozidi huchukua muda. Kila mwezi nilikagua mambo mawili kwenye hati: kiasi kilichokatwa na salio. Baada ya makato ya kwanza salio lilisoma 480,000, kama nilivyotarajia. Mwezi wa 6 mstari wa makato haukuwepo tena, na 490,000 yangu ikaingia kamili.