Mistari 14 iliyotoka 11

Juzi nilikuwa nikiisomesha kompyuta barua ya Kiswahili iliyoandikwa kwa herufi za Kiarabu, na mistari 14 ya ukurasa ikatoka 11. Njia niliyotumia hujumlisha wino kwa mlalo na kukata penye weupe, ilhali mwandishi alipandisha mistari ya chini kuelekea kushoto, na mikia ya jimu na aini ikagusa vichwa vya alifu za mstari wa chini, hivyo weupe haukuwapo kabisa. Kunyoosha ukurasa mzima hakukusaidia, kwani mistari ya juu ilikuwa imenyooka, ya chini pekee ndiyo iliyopinda.

Nilihamia programu ya Kraken:

```
kraken -i barua.png mistari.json segment -bl
```

Hii hufuata mstari ambao herufi zimeukalia, hata ukipinda. Hata hivyo mistari miwili ilibaki imeungana, nikaitenganisha kwa mkono. Kisha nikatazama kipande cha kila mstari peke yake: pale mpaka wa kipande ulipokata mkia, nukta ya jimu ilibaki nje, na herufi hiyo ikasomwa kama ha. Niliupanua mpaka huo, nikaacha mipaka ya mistari jirani ipandiane kidogo, ingawa vijipande vya wino wa jirani huingia.